Kodi ya Bia na Vifo vya Barabarani: Kuisoma Rigresheni ya Paneli Ndani ya Stata

Bia ikipanda bei, watu hunywa kidogo; wakinywa kidogo, walevi hupungua barabarani na ajali za kuua hupungua pia. Ndivyo mwanauchumi yeyote angetarajia. Lakini ukichukua takwimu za Marekani za mwaka 1988, ukayapanga majimbo 48 kulingana na kodi ambayo kila moja linatoza kwenye kreti ya bia, unakuta kinyume chake. Majimbo yenye kodi kubwa ndiyo yenye vifo vingi zaidi vya barabarani. Je, kodi ya bia inaua watu?

Takwimu hizi zimesambaa katika vyuo vingi kupitia kitabu cha ekonometriki cha James Stock na Mark Watson, na mwanafunzi anayetakiwa kuandika kazi ya muhula kwa data za paneli hawezi kupata mahali pazuri zaidi pa kujifunzia. Data za paneli ni data zinazofuatilia watu, kampuni au maeneo yale yale kwa vipindi kadhaa. Hapa tuna majimbo 48 (Alaska na Hawaii hazimo), kila moja likifuatiliwa kuanzia 1982 hadi 1988. Majimbo 48 mara miaka 7 ni safu 336, na kila safu ni jimbo moja katika mwaka mmoja.

Vigeu viwili vinatutosha kwa kuanzia. Cha kwanza ni `mrall`, idadi ya waliokufa barabarani ikigawanywa kwa idadi ya wakazi. Kwa kuwa namba hiyo ni ndogo mno, tunaizidisha kwa 10,000 ili tusome vifo kwa kila wakazi 10,000. Cha pili ni `beertax`, kodi ya kreti moja ya bia kwa dola, ikiwa imerekebishwa kwa mfumuko wa bei hadi thamani ya dola ya 1988. Marekebisho hayo tutayarudia, kwa sababu yanaamua mengi.

Hatua ya kwanza ni rigresheni ya kawaida, inayozichanganya safu zote 336 bila kujali ipi ni ya jimbo gani:

```stata
use fatality.dta, clear
gen vifo = mrall*10000
regress vifo beertax, vce(robust)
```

Koefisienti ya `beertax` inatoka 0.36, na ni chanya. Ukiisoma jinsi ilivyo, inasema kwamba jimbo lenye kodi iliyozidi ya jirani yake kwa dola moja lina vifo 0.36 zaidi kwa kila wakazi 10,000. Kosa sanifu ni dogo, nyota za umuhimu zinawaka, na mwanafunzi mwenye haraka anaweza kuishia hapo. Namba yenyewe ni sahihi. Tatizo ni swali ambalo namba hiyo inalijibu, yaani majimbo yenye kodi kubwa yanatofautianaje na yenye kodi ndogo. Yanatofautiana kwa mambo mengi mbali na kodi: umbali watu wanaoendesha kwenda kazini, hali ya barabara za vijijini, mtazamo wa jamii kuhusu pombe, na umbali wa hospitali pindi ajali inapotokea. Mengi kati ya hayo hayamo kwenye faili, na mengine hakuna aliyewahi kuyapima.

Hapo ndipo athari zisizobadilika zinapohitajika. Badala ya kulilinganisha jimbo na jirani yake, tunalilinganisha na lenyewe katika miaka mingine, kama mwalimu anayeacha kumpima mtoto kwa alama za darasa zima na kumpima kwa alama zake mwenyewe za mihula iliyopita. Kila kilicho cha kudumu katika jimbo hilo, kiwe kimepimwa au hakijapimwa, kinajifuta.

Tuitazame Alabama. Mwaka 1982 kodi yake ilikuwa dola 1.54 kwa kreti, kwa thamani ya 1988. Mwaka 1983 ilipanda hadi 1.79. Kisha ikaanza kushuka kidogokidogo: 1.71, 1.65, 1.61, 1.56, na mwaka 1988 ikafika 1.50. Mteremko huo haukuhitaji bunge la jimbo kupunguza kodi kila mwaka. Kodi ya bia hutajwa kwa senti zisizobadilika, na senti zile zile hupungua thamani kadiri bei za vitu vingine zinavyopanda. Vifo katika miaka hiyo vilikuwa 2.13, 2.35, 2.34, 2.19, 2.67, 2.72 na 2.49 kwa kila wakazi 10,000.

Stata inachofanya ni kutafuta wastani wa Alabama peke yake, ambao ni kodi ya 1.62 na vifo 2.41, kisha kuutoa katika kila mwaka. Mwaka 1983 unabaki na kodi ya 0.17 juu ya wastani na vifo 0.06 chini yake. Mwaka 1987 unabaki na kodi ya 0.06 chini ya wastani na vifo 0.31 juu yake. Miaka hiyo miwili inaelekea upande tunaoutarajia. Mwaka 1982 unakataa: kodi ilikuwa chini ya wastani, na vifo navyo vilikuwa chini. Hakuna jimbo litakalotii peke yake. Zoezi hilo linafanywa kwa majimbo yote 48, kila moja kwa wastani wake, na mstari unapitishwa katika masalio yote 336 kwa pamoja. Kwamba Alabama ina kodi kubwa kuliko majimbo mengine hakuna tena mchango wowote katika hesabu. Kilichobaki ni kupanda na kushuka kwa kodi yake yenyewe.

Amri zenyewe ni chache:

```stata
xtset state year
xtsum vifo beertax
xtreg vifo beertax, fe vce(cluster state)
```

Amri ya `xtset` huiambia Stata kipi ni kitambulisho cha jimbo na kipi ni mwaka. Makosa mengi ya mwanzo hutokea hapa, na ni rahisi kuyatambua. Kama kitambulisho ni maneno badala ya namba, Stata inakataa. Mtu anayefanya kazi na kaunti 47 za Kenya au mikoa ya Tanzania, faili likiwa na majina yaliyoandikwa kwa herufi, atatangulia na amri kama `encode kaunti, gen(kid)`, kisha atumie `kid`. Kama Stata inalalamika `repeated time values within panel`, maana yake kuna jimbo lenye safu mbili za mwaka mmoja, na mara nyingi chanzo ni mafaili mawili yaliyounganishwa vibaya. Amri `duplicates report state year` itakuonyesha ukubwa wa tatizo. Usizifute safu za ziada kabla ya kujua zimetoka wapi. Mambo yakiwa sawa, Stata inajibu `strongly balanced`, yaani kila jimbo lina miaka yote saba.

`xtsum` hurukwa na wengi, nami ningeomba isirukwe kamwe. Inaugawa mtawanyiko wa kila kigeu katika sehemu mbili: tofauti baina ya majimbo na mabadiliko ndani ya jimbo moja. Kwa kodi ya bia, mtawanyiko wa jumla una mkengeuko sanifu wa karibu senti 48, lakini ndani ya jimbo ni senti 5 hivi tu. Karibu tofauti yote ya kodi iko baina ya majimbo, na hiyo ndiyo tumeamua kuitupa. Makadirio yetu yote yatategemea senti hizo chache zinazobaki.

Sasa matokeo. Koefisienti ya `beertax` ni −0.656, kosa sanifu 0.29, thamani ya p 0.029. Ilikuwa 0.36, ikawa −0.66: alama yenyewe imegeuka. Mgeuko huu unatueleza kwamba vile vitu vya kudumu ambavyo hatukuvipima vilikuwa vinaenda pamoja na kodi, na vilikuwa na nguvu ya kutosha kuuzika uhusiano uliokuwa chini yake.

Namna ya kuiandika koefisienti hii ndiyo inayotenganisha kazi nzuri na kazi ya kunakili majedwali. Sentensi ninayoikuta mara kwa mara katika kazi za wanafunzi ni hii: "Majimbo yenye kodi kubwa yana vifo vichache." Sentensi hiyo ni ya uongo, na tumeshaona kwenye rigresheni ya kwanza kwamba yana vifo vingi. Inayotakiwa ni kama hii: "Kodi ya bia katika jimbo inapokuwa juu ya wastani wa jimbo hilo kwa dola moja, vifo vya barabarani huwa chini ya wastani wa jimbo hilo kwa 0.66 kwa kila wakazi 10,000." Ni ndefu, lakini inasema kile hasa kilichokadiriwa.

Kisha kuna suala la ukubwa. Wastani wa vifo katika data yote ni karibu 2.04 kwa kila wakazi 10,000, kwa hiyo kupungua kwa 0.66 ni kupungua kwa karibu theluthi moja. Mbona pombe iwe na nguvu kiasi hicho, wakati `mrall` inahesabu vifo vyote vya barabarani, hata vya ajali ambazo hakuna aliyekunywa tone? Jibu la kwanza liko kwenye `xtsum`. Dola moja ni mara ishirini ya mabadiliko ya kawaida ya kodi ndani ya jimbo, na wastani wa kodi yenyewe ni senti 51. Kuzungumzia ongezeko la dola moja ni kunyoosha mstari mpaka mahali ambapo data haijawahi kufika. Chagua kipimo kinachofanana na kilichotokea kweli, tuseme senti 10. Hapo athari ni 0.066 kwa kila wakazi 10,000. Alabama ya miaka ile ilikuwa na wakazi karibu milioni 4, yaani makundi 400 ya watu 10,000, na hesabu inatoa vifo 26 kwa mwaka. Jimbo hilo lilipoteza watu 1,023 barabarani mwaka 1988. Ishirini na sita kati ya elfu moja ni kiasi ambacho msomaji anaweza kukipima akilini, akakiamini au akakitilia shaka.

Tuseme neno kuhusu `vce(cluster state)`. Miaka saba ya Alabama haileti habari saba zinazojitegemea. Mwaka wenye vifo vingi kuliko ilivyotarajiwa hufuatwa na mwingine unaofanana nao. Ukiacha kipande hicho cha amri, Stata inazihesabu safu 336 kana kwamba kila moja imejitegemea, na kosa sanifu linashuka kutoka 0.29 hadi 0.19. Koefisienti haisogei hata kidogo, ila uhakika unaonekana mkubwa kuliko ulivyo. Kwa majimbo 48 njia hii inafanya kazi vizuri. Mwenye makundi kumi au kumi na mawili tu anapaswa kuwa mwangalifu, maana hesabu yake inategemea makundi kuwa mengi.

R-mraba nayo huwatia watu hofu bure. Mstari wa `within` unaonyesha 0.04, na wapo wanaodhani kazi imeharibika. Endesha `regress vifo beertax i.state` uone: koefisienti ni ile ile −0.656, lakini R-mraba ni 0.905. Rigresheni ni moja. Ya pili inayahesabia majimbo yenyewe sifa ya kueleza tofauti zao, ya kwanza inauliza kodi peke yake inaeleza kiasi gani cha mabadiliko ndani ya jimbo. Andika ile ya `within`, na useme ni ipi. `_cons`, ambayo hapa ni 2.38, ni wastani wa vianzio vya majimbo yote na haina hadithi ya kusimulia.

Ukijaribu kuongeza kigeu kisichobadilika, mathalani kama jimbo liko kusini au la, Stata itakiondoa na kuandika `omitted`. Haijakosea. Alabama ikitoa wastani wake wa "kusini" inabaki na sifuri kila mwaka, na sifuri haziwezi kukadiria lolote. Anayetaka kujua athari ya kitu cha namna hiyo amechagua njia isiyomfaa.

Mpaka hapa tumefuta vya kudumu vya kila jimbo. Hatujagusa yale yaliyobadilika kwa nchi nzima kwa pamoja, kama magari yaliyozidi kuwa salama, bei ya petroli, au uchumi uliotoka katika mdororo wa 1982. Hayo yanaondolewa kwa kumpa kila mwaka kianzio chake:

```stata
xtreg vifo beertax i.year, fe vce(cluster state)
testparm i.year
```

Koefisienti inakuwa −0.64, karibu sawa na mwanzo. Kosa sanifu linapanda hadi 0.36 na thamani ya p inakuwa 0.08. Aliyekuwa na nyota katika kiwango cha 5% sasa hana, na kishawishi cha kurudi kwenye jedwali la kwanza ni kikubwa. Asirudi. `testparm` inaonyesha kwamba miaka kwa pamoja ina umuhimu (F ni 4.22, p 0.0018), hivyo hakuna sababu ya kuiacha. Sababu ya uhakika kupungua inaeleweka pia. Sehemu ya mabadiliko ya kodi ilikuwa ni ule mteremko wa mfumuko wa bei uliozikumba kodi za majimbo yote kwa wakati mmoja. Vianzio vya miaka vimeichukua sehemu hiyo, na ndani ya senti zetu chache zimebaki chache zaidi. Kinachopaswa kuandikwa ni kwamba makadirio hayajasogea, ila usahihi wake umepungua, na kwamba upeo wa 95% unaanzia karibu −1.36 hadi 0.08.

Msimamizi anaweza kuuliza kuhusu kipimo cha Hausman, kinacholinganisha athari zisizobadilika na athari nasibu. Stata inakataa kukifanya ukiwa umetumia `vce(cluster state)`, kwa hiyo wengi hukiendesha bila kipande hicho na kukiripoti kana kwamba hakuna kilichobadilika. Kwa maoni yangu hoja ya kiuchumi inatosha hapa: tuna kila sababu ya kuamini kwamba desturi na jiografia za jimbo zinaenda pamoja na kodi yake, na mgeuko wa alama tuliouona ni ushahidi wenyewe.

Kuna jambo ambalo athari za majimbo na za miaka haziligusi kabisa: kile kinachobadilika ndani ya jimbo kwa wakati wake. Kipindi hiki kinalo moja kubwa. Julai 1984 Rais Ronald Reagan alitia saini sheria iliyotishia kuyakata fedha za barabara majimbo yasiyopandisha umri wa kununua pombe hadi miaka 21, na kufikia 1988 yote yalikuwa yametii. Yalitii katika miaka tofauti, kwa hiyo vianzio vya miaka havitoshi. Kama jimbo lililopandisha umri lilikuwa pia linagusa kodi, au linakaza adhabu kwa madereva walevi, koefisienti ya kodi inabeba sifa isiyo yake. Faili lina vigeu vya kusaidia: umri wa kisheria, kifungo au kazi za kijamii za lazima kwa dereva mlevi, mwendo wa magari kwa dereva, ukosefu wa ajira na kipato.

Stock na Watson walipoviingiza vyote, koefisienti ya kodi ilisogea hadi karibu −0.45, na kosa sanifu 0.30. Ukosefu wa ajira ulipata −0.063: unapopanda kwa pointi moja ya asilimia, tuseme kutoka 7% hadi 8%, vifo hupungua kwa 0.063 kwa kila wakazi 10,000. Kutoka 7% hadi 8% ni ongezeko la pointi moja, si la asilimia moja, na wengi hapo huteleza. Kipato kiliingizwa kwa logi na kupata 1.82. Kigeu cha kulia kikiwa kwenye logi na cha kushoto hakiko, gawanya kwa 100: kipato kikipanda kwa 1%, vifo hupanda kwa 0.018 hivi. Uchumi ukikua watu huendesha zaidi, na wanaoendesha zaidi hufa zaidi. Namba mbili hizo zinakubaliana.

Kwa jedwali la kazi ya muhula, safu nne zinatosha: rigresheni ya kawaida, ya athari za majimbo, ya majimbo na miaka, na yenye vigeu vyote. Zipange katika mpangilio huo huo ili msomaji aone 0.36 ikigeuka −0.66, kisha −0.64, kisha −0.45, makosa sanifu yakiwa kwenye mabano chini yake. Katika maelezo ya safu ya mwisho andika wazi kwamba data hizi haziwezi kukataa kuwa athari ya kodi ni sifuri, na kwamba haziwezi pia kukataa kuwa ni kubwa, kwa sababu kati ya 1982 na 1988 kodi ya bia ndani ya jimbo moja ilisogea kwa senti chache tu.